Eis ya Matendo 2:38: barua kwa mhakiki wangu wa Tabora

Shikamoo Mwalimu.

Bahasha yako ilifika jana jioni kwa basi, na vumbi la njia lilikuwa limeingia hadi katikati ya karatasi. Nimepitia alama zako zote za penseli katika tafsiri yangu ya Matendo ya Mitume, kuanzia sura ya kwanza hadi ya tano. Nyingi nimekwisha kuzifanyia kazi na sina neno juu yake, maana pale ulipoona nimerudia “wakasema” mara tatu katika aya mbili, hata mimi niliposoma kwa sauti nilisikia sikio linakwaruzwa.

Imebaki alama moja. Katika Matendo 2:38, Petro anapowajibu watu waliomsikia akihubiri, mimi niliandika: “Tubuni, na kila mmoja wenu abatizwe kwa jina la Yesu Kristo ili msamehewe dhambi zenu.” Wewe umekata “ili msamehewe”, ukaandika juu yake “kwa kuwa mmesamehewa”, na pembeni, juu ya eis, kihusishi cha Kigiriki kinachotangulia neno la msamaha, ukaweka maneno haya: “Eis hapa ni ya sababu, si ya kusudi. Linganisha Mathayo 12:41 na 10:41.” Chini kabisa, kwa herufi ndogo, umeongeza kwamba nikiona hilo ni zito mno, basi niandike “kwa ajili ya msamaha wa dhambi zenu”, ili kila msomaji achukue anavyoelewa.

Naomba nisikubali yote mawili, Mwalimu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mfasiri asiyekubali alama ya mhakiki anadaiwa maelezo, wala hawezi kunyamaza tu na kuacha kazi iende mtamboni. Basi haya ndiyo maelezo yangu, na nimeyaandika marefu kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi.

Nianze na lile pendekezo lako la pili, kwa kuwa ndilo lililonivuta zaidi. “Kwa ajili ya” ina sura ya upole. Haimgusi mtu. Ila tazama inavyotumika hapa kwetu. Mama akisema “nimepika kwa ajili ya wageni,” wageni hawajala bado na chakula kinawangoja. Jirani akisema “nimekuja kwa ajili ya msiba,” msiba umekwisha kutokea, na ndio uliomleta. Wapo pia wanaosema “amefungwa kwa ajili ya wizi,” na wizi huo ulifanyika kabla ya kufungwa. Maneno ni yaleyale matatu, lakini mara yanatazama mbele, mara yanatazama nyuma. Kinachomwambia msikilizaji atazame upande gani ni kile anachokijua tayari juu ya wageni, msiba na wizi. Juu ya msamaha na ubatizo, msikilizaji wetu anajua nini tayari? Anajua alichofundishwa katika kanisa lake.

Nilijaribu jambo hili kabla hata bahasha yako haijafika, kwa sababu rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na “kwa ajili ya”. Tulikwenda mwaloni Kibirizi asubuhi, wakati kina mama wamekwisha kuanika dagaa na wanasubiri jua lifanye kazi yake. Tuliisoma aya mara mbili kwa sauti. Hatukuuliza “mmeelewa?”, maana ulituonya kwamba swali hilo halina jibu ila “ndiyo”. Tuliuliza: hawa watu walisamehewa lini? Kijana mmoja wa mtumbwini akajibu upesi, “Walikwisha kusamehewa, sasa wanabatizwa kushukuru.” Mama mmoja mtu mzima akamgeukia: “Nani kakwambia? Wanabatizwa ndipo wasamehewe.” Wakabishana pale mbele yetu, na kila mmoja akataja kanisa lake. Hakuna aliyerudi kwenye maneno tuliyokuwa tumeyasoma. Maandishi yetu hayakuwapa kitu chochote cha kushika, yaliwarudishia walichokuja nacho.

Ungeniambia kwamba hata Kigiriki kina utata huohuo, na kwamba mfasiri mwaminifu huuacha utata ulivyo, ningekubali mara moja. Hapo ndipo penye swali lenyewe: je, utata huo upo katika Kigiriki, au umo katika Kiswahili chetu na katika Kiingereza cha vitabu tunavyosomea?

Eis, kwa asili yake, ni neno la mwendo. Linaonyesha kitu kinakwenda mahali na kuingia. Sisi hatuna neno moja linalolingana nalo, kwa sababu Kiswahili kazi hiyo hakiiweki sana kwenye vihusishi. Huiweka kwenye kitenzi. Ukisema fulani “amehama Kasulu,” Kasulu iko nyuma ya mgongo wake. Ukiongeza silabi moja tu ukasema “amehamia Kasulu,” Kasulu imekuwa mbele ya macho yake. Mgiriki angebakiza kitenzi kimoja na kubadilisha kihusishi: ek kwa anakotoka, eis kwa anakokwenda. Ndiyo maana sikuhangaika kutafuta kihusishi cha kuweka mahali pa eis. Nilitafuta namna Kiswahili kinavyoonyesha tendo linaloelekea mwisho wake, na namna hiyo ni “ili” pamoja na kitenzi kinachoishia na e: ili msamehewe. Wazee walioandaa Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 walifanya vilevile bila hata kuitumia “ili”. Waliandika “mpate ondoleo la dhambi zenu”. Hiyo “mpate” haimo katika Kigiriki kama kitenzi. Ndiyo eis yenyewe, imevaa nguo ya kitenzi cha Kiswahili.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe, eis afesin ton hamartion humon, yaani “kwa ondoleo la dhambi zenu”. Maneno eis afesin hamartion yapo pia katika Mathayo 26:28, Yesu anapokishika kikombe na kusema damu yake ya agano inamwagika kwa ajili ya wengi, eis afesin hamartion. Tofauti ni kwamba Petro anasema “dhambi zenu”, na kule Yesu anasema “dhambi” tu. Kihusishi ni kilekile na nomino ni ileile. Mwalimu, tukisema eis ya Petro maana yake ni “kwa kuwa mmesamehewa”, tutafanya nini na eis ya kikombe? Tutasema damu ilimwagika kwa kuwa dhambi zilikwisha kusamehewa? Sijapata kuona tafsiri ya namna hiyo, na najua wewe mwenyewe ungeikataa kabla sijamaliza kuisoma.

Luka naye ana mazoea yake. Katika Injili yake, 3:3, Yohana anahubiri ubatizo wa toba eis afesin hamartion, na Union Version ikasema “toba liletalo ondoleo la dhambi”. Mfano ninaoupenda zaidi umo humuhumu katika Matendo, 11:18. Waamini wa Yerusalemu, wakiisha kusikia habari za Kornelio, wanasema Mungu amewapa hata mataifa metanoian eis zoen, “toba liletalo uzima”. Hapo eis iko kati ya toba na kile ambacho toba inakwenda kukifikia. Nani angeandika “toba kwa kuwa wamekwisha kupata uzima”? Mwandishi ni yuleyule na kitabu ni kilekile. Nikitaka kuisoma eis ya 2:38 kinyume na hii ya 11:18, inanipasa nionyeshe kitu ndani ya 2:38 kinachonilazimisha.

Nilipofika hapo nilisoma upya aya zinazoizunguka, nione kama kitu hicho kipo. Aya ya 37 inasema wale watu walichomwa mioyo yao, wakawauliza Petro na mitume wengine, “Tutendeje, ndugu zetu?” Aya ya 40 Petro bado anawasihi wajiokoe na kizazi kile kikaidi. Kule Kibirizi tulisoma pia namna yako ya kwanza, “kwa kuwa mmesamehewa dhambi zenu”, nikiwa sijajua kwamba ndiyo utakayoipendekeza. Yule mama akatukatiza kabla hatujauliza swali. “Wamesamehewa saa ngapi? Si ndiyo kwanza wameuliza wafanye nini?” Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Mathayo 12:41 ni hoja nzito kuliko zote ulizonipa, na sitaki kuipita mbio. Watu wa Ninawi “walitubu kwa mahubiri ya Yona”, na Kigiriki kina eis to kerugma Iona. Mahubiri yalitangulia, toba ikafuata. Kwa hiyo, unasema, eis inaweza kutazama nyuma. Tena siwezi kujitetea kwamba hayo ni mazoea ya Mathayo tu, kwa kuwa maneno hayohayo yamo katika Luka 11:32.

Jibu langu ni kwamba hata hapo eis haijaacha kuelekea mbele. Watu wa Ninawi waligeuka kuyaelekea yale mahubiri, waliyakabili na kuyakubali. Kwamba yalitangulia tunajua kutokana na kisa cha Yona, si kutokana na kihusishi. Kiswahili chetu kinafanya hivyo kila siku. Mtoto “ameitikia wito”: wito ulitangulia, lakini hakuna atakayesema ile -ia ya “itikia” maana yake ni “kwa sababu ya”. Nikubali basi, kwa ajili ya mazungumzo tu, kwamba hapa ni sababu. Tutakuwa na mahali pamoja, penye maneno tofauti, panapoweza kusomwa hivyo, dhidi ya maneno yenyewe ya 2:38 yanayotazama mbele kila yanapotokea.

Mathayo 10:41 ni jambo jingine. “Ampokeaye nabii, kwa kuwa ni nabii”: ndivyo Union Version inavyosema, na nilipoona “kwa kuwa” pale nilielewa ulikoitoa “kwa kuwa” yako. Kigiriki ni eis onoma profetou, neno kwa neno “katika jina la nabii”. Hilo ni fungu la maneno lililokwisha kugandamana, lenye asili katika usemi wa Kiebrania wa kufanya jambo “kwa jina la” kitu, yaani kwa kukihesabu kuwa ni kitu hicho. “Kwa kuwa” ya Union Version inabeba fungu zima, wala haibebi eis peke yake. Huwezi kuichomoa “kwa” ya “kwa heri” ukaitumia kueleza “amekufa kwa njaa”. Neno likishaingia kwenye fungu la namna hiyo, linaishi maisha ya fungu.

Hoja hii si yangu, wala si mpya. Mwaka 1951 Mmarekani J. R. Mantey, mwandishi mwenza wa kitabu cha sarufi ya Kigiriki kilichofundishiwa wachungaji wengi, alichapisha makala akidai kwamba eis ya sababu ipo, na akaleta mifano kutoka kwa waandishi wa Kigiriki walio nje ya Biblia. Ralph Marcus, aliyekuwa amezama katika Kigiriki cha Wayahudi wa zama zile, akamjibu katika jarida lilelile. Mantey akarudi, Marcus akamjibu tena mwaka 1952. Alichofanya Marcus ni kazi ya subira: alichukua mifano ya mwenzake mmoja baada ya mwingine, akaonyesha kwamba kila mmoja unasomeka vizuri kama kusudi, mwelekeo au uhusiano, bila kuhitaji maana mpya. Kisha akahitimisha kwa namna ambayo naiona ya haki sana: huenda Mantey yuko sahihi juu ya ubatizo, lakini kama yuko sahihi ni kwa sababu zilizo nje ya lugha. Hata A. T. Robertson, mwanasarufi mkubwa aliyeikubali eis ya sababu na kuitaja mifano hiyohiyo miwili uliyoniandikia, alikiri waziwazi kwamba mtu ataamua maana ya kihusishi hiki hapa kulingana na anavyoamini kuhusu ubatizo. Mwalimu, sentensi hiyo ya Robertson ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Kama kinachoamua ni imani yangu kuhusu ubatizo, basi ninachoandika kwenye karatasi si tena alichosema Petro.

Naijua hofu yako, na ni hofu ninayoiheshimu. Umewaona watu wanaokimbilia majini kama wanaokwenda kwa mganga, wakidhani maji yenyewe yanasafisha, moyo ukabaki ulivyokuwa. Hutaki aya hii iwape fimbo. Hata mimi sitaki. Nadhani tulichotofautiana ni mahali pa kuitafutia dawa hofu hiyo. Wewe umeitafuta kwenye kihusishi. Mimi nadhani Luka ameiweka kwenye nafsi za vitenzi, na jambo linalonifurahisha mno ni kwamba Kiswahili kinaweza kuzibeba nafsi hizo karibu bila kupoteza kitu.

Tazama. Petro anaanza na nafsi ya pili wingi: metanoesate, tubuni, ninyi nyote. Halafu anahama ghafla kwenda nafsi ya tatu umoja: baptistheto hekastos humon, abatizwe kila mmoja wenu. Kisha anarudi kwenye wingi: dhambi zenu, nanyi mtapokea. Union Version iliilainisha hatua ya katikati ikasema “mkabatizwe kila mmoja”, na sentensi ikateleza yote katika wingi. Mimi nimeirudisha: tubuni, kila mmoja wenu abatizwe, msamehewe. Ile m- ya “msamehewe” inaruka juu ya “abatizwe” na kuigusa “tubuni”. Msikilizaji anausikia msamaha ukiwa umeshikamana na toba ya wote, na ubatizo wa kila mmoja ukiwa ndani ya toba hiyo. Ningeandika “kila mmoja wenu abatizwe ili asamehewe dhambi zake”, hapo ningekuwa nimeufunga msamaha kwenye maji peke yake, na ungekuwa na haki ya kunikatia mstari mwekundu.

Sidai kwamba nafsi hizi zinamaliza ubishi. Wapo wanaozitumia kuuweka ubatizo kwenye mabano kabisa, kana kwamba Petro aliutaja kwa pembeni, na hilo silikubali. “Dhambi zenu” inaweza kurudi pia kwa “kila mmoja wenu”, kwa kuwa “wenu” nayo ni wingi. Isitoshe, katika hati nyingi za baadaye neno “zenu” halimo, yamo maneno “ondoleo la dhambi” tu. Lakini hata katika hati hizo “mtapokea” inabaki katika wingi, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa nafsi bado kupo. Ninachodai ni kidogo: rasimu yangu inawaachia wasomaji nafasi ileile ambayo Luka aliwaachia, wala haikuipanua wala kuibana.

Uliniandikia pia habari za Kornelio. Ni kweli, katika 10:44 Roho anawashukia watu wa nyumba ile Petro akiwa bado anasema, na maji yanakuja baadaye. Katika 10:43 msamaha umetajwa pamoja na kuamini, bila ubatizo. Katika 3:19 Petro anasema watubu na kurejea ili dhambi zao zifutwe, na ubatizo hautajwi. Halafu katika 22:16 Anania anamwambia Paulo abatizwe na kuosha dhambi zake. Luka ameziacha aya hizi zote zisimame katika kitabu kimoja. Mhubiri ana kazi ya kuzipatanisha, na jumapili nyingi nimekusikia ukiifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini mfasiri akiipatanisha 2:38 na 10:44 kabla msomaji hajaziona, msomaji hatajua kamwe kwamba kulikuwa na kitu cha kupatanisha. Na mhubiri wa kanisa jingine atakayekuja na Kigiriki chake atauliza ni nani aliyebadilisha.

Kuna jambo moja ambalo tafsiri yangu imelipoteza, na ni haki nikuambie. Afesis ni nomino, na maana yake ya msingi ni kuachilia. Katika Kigiriki cha Agano la Kale ndilo neno la mwaka wa yubile katika Walawi 25, na katika Luka 4:18 ndilo neno la wafungwa kufunguliwa. “Ondoleo” ya Union Version ilijaribu kuishika picha hiyo. Niliiacha kwa sababu ya kule mwaloni: mama mmoja alisema neno hilo hulisikia kanisani tu, na kijana akadhani ni kama mtu kuondolewa kazini. “Kusamehewa” wanalijua wote, tena wanalijua mahali panapofaa: mtu anasamehewa deni la nyavu, anasamehewa kodi ya meza sokoni. Picha ya mfungwa imepotea, ya deni imebaki. Nimeona ni hasara inayovumilika. Kama unaona haivumiliki, hapo niko tayari kabisa kujadili.

Napendekeza basi aya ibaki hivi: “Tubuni, na kila mmoja wenu abatizwe kwa jina la Yesu Kristo ili msamehewe dhambi zenu, nanyi mtapokea kipawa cha Roho Mtakatifu.” Na tanbihi chini ya ukurasa iseme: “Kwa Kigiriki: ‘kwa ondoleo la dhambi zenu’. Linganisha Mathayo 26:28, Matendo 3:19, 10:43–48, 22:16.” Sikuweka maelezo yoyote ndani ya tanbihi kwa makusudi. Atakayezifuata aya hizo nne ataona mwenyewe, na atakayemfundisha atakuwa na mahali pa kuanzia. Sikuweka pia “au: kwa kuwa mmesamehewa” kama chaguo la pili. Nililifikiria kwa siku mbili. Kuliweka kungemwambia msomaji kwamba maana zote mbili zina uzito sawa katika Kigiriki, nami siamini hivyo.

Kama kuna mfano wa eis afesin, popote katika Kigiriki cha zama zile, ambapo msamaha umetangulia tendo lenyewe, tafadhali niandikie. Mfano mmoja tu ulio wazi utanirudisha mezani, na nitaifungua aya upya bila kinyongo.

Halafu kuna kihusishi kingine katika aya hiihii, ambacho hukukiwekea alama, nami sijaridhika nacho. Petro anasema abatizwe epi to onomati, “kwa jina”. Katika 8:16 na 19:5 Luka ana eis to onoma. Katika 10:48 ana en to onomati. Vihusishi ni vitatu, na mimi kote nimeandika “kwa jina” kana kwamba ni kimoja. Huenda kwa masikio ya Luka havikuwa na tofauti kubwa, maana katika Kigiriki cha wakati wake eis na en zilikwisha kuanza kuingiliana, kama katika Marko 1:9 ambapo Yesu anabatizwa eis ton Iordanen na sisi tunasema “katika Yordani” bila shida. Lakini epi kwenye 2:38 iko peke yake, na inaweza kubeba maana ya kuliegemea jina, kulitaja jina, kusimama juu yake. Nimejaribu “kwa kulitaja jina la Yesu Kristo”, nikaona nimeongeza. Nimejaribu “kwa kulitegemea jina”, wenzangu wakasema haisikiki kama maneno ya ubatizo.

Nakuletea karatasi zote kwa basi la Alhamisi, sura ya pili ikiwa juu. Hapo kwenye epi nimeacha nafasi pana pembeni kwa ajili ya penseli yako.

Mwanafunzi wako,
Kigoma